Anza na kinachopotea: cha kuandika dakika kumi za kwanza baada ya ajali ya barabarani

Ripoti za ajali nazisoma kila wiki. Ni sehemu ya kazi yangu kwenye kampuni ya malori: dereva akigongana, lile daftari lake linakuja mezani kwangu kabla halijaenda bima wala kwa wakili. Nyingi haziharibiki kwa sababu dereva amedanganya. Zinaharibika kwa sababu aliandika kwa mpangilio wa fomu: jina, leseni, namba ya gari, kampuni ya bima. Saa moja baadaye leseni bado iko mfukoni na namba bado iko kwenye bampa, lakini matope yaliyodondoka chini ya gari pale magari yalipokutana yameshasagwa na mabasi mawili. Fomu ina mpangilio wake, na wewe barabarani uwe na wako: andika kwanza kile ambacho baada ya nusu saa hakitakuwepo.

Mwongozo huu ni wa dereva, utingo au yeyote aliyefika mapema. Mifano nimeitoa Tanzania, hasa barabara ya Chalinze kwenda Segera ambayo magari yetu hupita kila siku.

Kabla ya kalamu

Dakika ya kwanza si ya kuandika. Zima injini, washa hazadi, angalia kama kuna mafuta yanayovuja, angalia nani kaumia. Weka pembetatu za tahadhari mbali vya kutosha ili anayekuja kwa kasi apate nafasi ya kusimama, na kama ajali imetokea baada ya kona au mlima, zitangulie kona yenyewe. Polisi ni 112, Zimamoto ni 114. Majeruhi akihitaji mikono yako, daftari lisubiri. Na kama umati unaokusanyika una hasira, ondoka pale uende kituo cha polisi kilicho karibu, uandikie huko. Hakuna kipimo cha alama za breki kinachostahili kupigwa mawe.

Jambo moja kuhusu matawi. Sote tunakata matawi na kuyatandaza barabarani kuwatahadharisha wengine, na ni sawa. Ila usiyatandaze juu ya alama za matairi, na usikubali kijana mwenye nia njema aanze kufagia vioo kwa tawi kabla hujavipiga picha. Nimeshaona ushahidi wote wa ajali ukiwa umekusanywa kwa unadhifu kabisa pembeni mwa lami, kwenye kichuguu kimoja cha vioo.

Mstari wa kwanza: saa, iandikwe mara mbili

Andika saa kwa simu yako, kisha iandike kwa namna zote mbili: "saa 10:25 jioni, 16:25". Mtu atasema ni kujisumbua. Mimi mwenyewe, enzi nikiendesha, niligonga nguzo usiku na kuandika "saa 2:10", nikimaanisha saa mbili na dakika kumi usiku. Aliyechapa maelezo yangu ofisini akaweka 02:10. Kampuni ya bima ilipolinganisha na kifaa cha kufuatilia gari, kifaa kilionyesha kwamba saa nane na dakika kumi za usiku gari lilikuwa limesimama. Ikachukua wiki kadhaa na barua nyingi kueleza kwamba hakuna aliyedanganya, ni saa ya Kiswahili tu iliyoingizwa kwenye tarakimu za Kizungu.

Saa ya ajali na saa ya kuandika ni vitu viwili. Kama umeanza kuandika dakika sita baada ya kugongana, sema hivyo. Na kama gari lina kamera ya kioo cha mbele, linganisha saa yake na ya simu, uandike tofauti. Kamera nyingi hazijawekwa saa sahihi, na zile zinazotumia saa ya dunia huwa nyuma ya saa yetu kwa masaa matatu kamili.

Chagua kitu kisichohama

Sasa mahali. "Karibu na Lugoba" haisaidii, na "mita kama mia hivi kutoka kwenye lile duka" haisaidii pia, kwa sababu duka linaweza kuwa banda. Tafuta kitu ambacho mwakani kitakuwa palepale: nguzo ya umeme (nyingi zina namba, iandike), ukuta wa kalavati, jiwe la kilomita, ukingo wa daraja. Kipe herufi moja, tuseme N, kisha kila kipimo kinachofuata kianzie hapo.

Vipimo utavichukua kwa miguu, kwa hiyo uijue hatua yako kabla ya siku ya ajali. Nenda yadi na futi ya kamba, pima mita 20, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu. Ukipata hatua 25, hatua yako ni sentimita 80. Iandike ndani ya jalada la daftari. Eneo la tukio andika hatua, usiandike mita. Mita zitapatikana baadaye kwa kuzidisha, na mtu akihoji unaweza kuitembea tena mbele yake. Dereva anayeandika "mita 17.6" bila futi mkononi anajiharibia, kwa kuwa swali la kwanza la wakili litakuwa: ulipima na nini?

Kushoto na kulia ndiko kunakoangusha ripoti nyingi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Kulia kwa nani? Ukisimama ukilitazama gari usoni, taa yake ya kulia iko upande wako wa kushoto. Kwa hiyo weka kanuni mbili na usizivunje. Barabara inahesabiwa kwa uelekeo: "upande wa kushoto ukielekea Msata". Gari linahesabiwa kama dereva aliyekaa kwenye kiti chake. Andika uelekeo wako mstari wa pili kabisa wa daftari, ili hata ukichanganyikiwa baadaye, msomaji ajue ulikuwa unatazama wapi.

Kinachosagwa: matope, vioo, alama

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye ajali yenyewe.

Magari mawili yanapokutana, tope kavu lililoganda chini ya madigadi na kwenye chesesi hutikisika na kudondoka karibu sana na pale yalipogusana. Vioo na vipande vya taa husafiri mbele zaidi, kwa uelekeo wa gari, kwa hiyo kioo peke yake kinaweza kukupotosha. Tope ndilo la kuaminiwa kwanza. Lingine ni mkwaruzo uliochimba lami: chuma kilichokunjwa kikashuka chini na kuchonga. Ukikuta mchimbo mfupi na mkali, mara nyingi hapo ndipo magari yalipokuwa yamebanana zaidi.

Kwa alama za breki andika mambo matatu: zinaanzia wapi, zinaishia wapi, na ziko kwenye njia ipi ya barabara. Kama zinapinda ghafla, andika zilipopindia, kwa sababu tairi linalovuta alama hupinda pale gari linaposukumwa. Magari yenye ABS huacha alama hafifu au vipande vipande, na saa sita mchana kwenye lami ya kijivu hutaziona ukisimama juu yake. Chuchumaa, utazame ukiwa chini, ukielekeza uso upande wa jua. Usipoziona, usiandike "hakuna alama za breki". Andika "sikuona alama za breki". Tofauti ya sentensi hizo mbili imeshaokoa watu.

Kisha magari yaliposimama: umbali kutoka N, yako kwenye lami au mtaroni, pua inatazama wapi. Hili lifanyike kabla hayajasogezwa. Kama trafiki au foleni inalazimisha yasogezwe, andika saa yaliposogezwa na nani aliyeagiza.

Daftari moja, kama lilivyokuwa

Dereva wetu mmoja alikuwa ametoka Chalinze na lori la saruji, amepita Lugoba, anaelekea Msata. Noah ikatoka njia ya vumbi upande wa kushoto na kuingia lami kwa kukunja kushoto, uelekeo uleule wa lori. Lori likaikuta. Hakuna aliyekufa, abiria mmoja wa Noah aliumia bega. Utingo alimhudumia abiria na dereva akachukua daftari. Hivi ndivyo alivyoandika, nimebadilisha herufi chache tu:

Saa 10:25 jioni, 16:25, simu. Nimeanza kuandika 16:29.
Natoka Chalinze, naelekea Msata, nimepita Lugoba.
N = nguzo ya umeme mdomoni mwa njia ya vumbi, kushoto ukielekea Msata.
Lami kavu. Mawingu, hakuna mvua.
Tope kavu: mkabala na N, hatua 1 kutoka ukingo wa lami kushoto.
Alama zangu za breki: zinaanza hatua 22 kabla ya N, zinaisha hatua 6 baada ya N. Zote njia ya kushoto.
Noah: hatua 14 baada ya N, mtaroni kushoto, pua inatazama Msata. Imeumia kona ya nyuma kulia.
Lori: kona ya mbele kushoto. Limesimama njia ya kushoto.
16:33 dereva wa Noah kaniambia: "Kaka, nilikuona ila nikajua nitawahi."
Spidi yangu 60.
16:50 magari yamesogezwa, foleni.

Trafiki alifika karibu saa moja baada ya ajali. Magari yalikuwa pembeni, vioo vimefagiwa, tope limepitiwa na matairi. Mchoro wa polisi ukaonyesha alichokikuta, yaani magari mawili yaliyoegeshwa. Hakuwa na la kufanya.

Wiki mbili baadaye maelezo ya upande wa pili yakaja: Noah ilikuwa imeshaingia barabara kuu muda mrefu, imetembea mita 200 kwenye njia yake, ndipo lori likaigonga kwa nyuma. Ukitazama uharibifu peke yake, kona ya nyuma ya Noah na mbele ya lori, maelezo hayo yanaingia akilini. Lakini tope lilikuwa mkabala na nguzo, mdomoni kabisa mwa njia ya vumbi. Kama Noah ingekuwa imetembea mita 200, tope lingekuwa mita 200 mbele. Na alama za breki zilianza hatua 22 kabla ya nguzo. Hatua ya dereva huyu ni sentimita 80, kwa hiyo ni kama mita 17 na nusu kabla ya mdomo wa njia. Maana yake alikuwa ameshakanyaga breki na matairi yameshashika kabla hajafika pale ambapo, kwa maelezo ya upande wa pili, hapakuwa na kitu chochote cha kumfanya afunge breki. Alikuwa na picha moja inayoonyesha tope na nguzo kwa pamoja. Mtathmini wa bima alikwenda na daftari mkononi, akaikuta nguzo, akatembea hatua, na mjadala ukaisha kwa upande huo.

Mstari mmoja tu ulitutesa: "Spidi yangu 60". Kifaa cha kufuatilia kilionyesha 68 sekunde chache kabla ya breki. Ukomo wa lori ni 80 kwa saa nje ya makazi, hivyo hata 68 haikuwa kosa pale. Lakini wakili wa upande wa pili akaushika: kama amekosea spidi yake mwenyewe, hatua zake tuziaminije? Dereva hakuwa ametazama mshale. Alikadiria akiwa anatetemeka. Tangu hapo nawaambia: spidi usiiandike kama hukuitazama. Kama uliitazama, andika uliitazama wapi: "nilitazama mshale nikipita kituo cha mafuta, ulikuwa 60". Mengine waachie kifaa na wanaojua kukokotoa spidi kutokana na urefu wa alama.

Maneno ya watu yaandikwe kama yalivyotoka

Angalia alivyoandika maneno ya dereva wa Noah. Hakuandika "amekiri kosa". Hiyo ni hukumu, na si kazi yake. Aliandika maneno kwa alama za kunukuu na saa. Mtu akikuambia "samahani kaka", andika "samahani kaka"; wapo wanaosema samahani hata wakikanyagwa wao.

Upande wako, jibu kwa heshima, toa jina na namba zako, lakini usijadili nani mwenye makosa, na usitie sahihi kikaratasi cha "tumeelewana" kama kuna mtu ameumia. Huyo aliyeumia atahitaji PF3 ya polisi kwa ajili ya matibabu, na makubaliano yenu ya pembeni yatakuwa tatizo kwenu wote.

Mashahidi huondoka haraka kuliko tope. Mwendesha bodaboda aliyeona kila kitu ana abiria anayemsubiri. Mfuate mapema: "Kaka, pole na kazi, naomba namba yako tu." Ukishaandika namba, mbipu palepale ili simu yake ilie mbele yako, namba moja iliyokosewa ni sawa na shahidi aliyekufa. Kisha muulize alikuwa amesimama wapi, uandike mahali pale kwa kupima kutoka N. Mama anayeuza mahindi upande wa pili wa kalavati anaweza kuwa amesikia mlio tu, akageuka, na kuona magari yakiwa yameshasimama. Huyo ameshuhudia baada ya ajali. Bado ana faida, lakini andika "alisikia, kisha akageuka", usimfanye kuwa aliyeona.

Kwenye daftari lako mwenyewe fanya hivyohivyo. Ulichoona kiandike kikavu. Ulichoambiwa kitangulizwe na jina la aliyekuambia. Unachodhani, kama lazima kiandikwe, kiwe ukurasa mwingine chini ya neno NADHANI.

Namba na picha, sasa ndiyo

Gari likianza kuondoka, namba yake ndiyo inayopotea, hivyo inaruka kuwa ya kwanza kuliko vyote. Vinginevyo fanya sasa. Lori lenye tela lina namba mbili, ya kichwa na ya tela, na bima zake zinaweza kuwa tofauti. Kwa gari la Zambia au Kongo, piga picha pia kadi ya njano ya COMESA. Bima ya Tanzania unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa namba ya gari, kwa hiyo namba iliyoandikwa vibaya ndiyo hasara. Isome kwa sauti huku utingo akiitazama.

Kosa la picha ni lilelile kila mara: thelathini za bampa iliyovunjika na hata moja inayoonyesha barabara. Anza mbali. Simama hatua 40 nyuma ya ajali, piga, kisha nenda hatua 40 mbele yake, geuka, piga. Hakikisha N inaonekana. Kisha picha za katikati, tope likiwa na nguzo kwenye fremu moja. Mwisho ndiyo karibu, ukiweka kalamu kando ya mchimbo ili ukubwa ujulikane. Usiwapige majeruhi nyuso. Zihifadhi za asili kwenye simu. Ukizituma WhatsApp kama picha za kawaida zinabanwa na taarifa za saa na mahali zinafutika, kwa hiyo zitume kama faili.

Picha haitakuambia kwamba jua lilikuwa usoni, kwamba barabara inashuka, wala kwamba honi ilipigwa. Hayo ni ya daftari.

Daftari lenyewe

Dogo, lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi zinazochomoka. Penseli huandika hata kwenye mvua, wino wa jeli huyeyuka. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja neno lisomeke bado, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako. Usichane ukurasa. Na usije ukafika nyumbani ukanakili kila kitu kwa mwandiko mzuri na kutupa lile lenye vumbi: Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi kujikumbusha kwa maandishi aliyoyafanya wakati wa tukio au muda mfupi baadaye, na wakili wa pili ana haki ya kuyaona. Nakala safi isiyo na vumbi inaleta maswali.

Piga picha kurasa zote siku hiyohiyo, uzitume ofisini. Ukikumbuka kitu usiku, na utakumbuka, kwa sababu mshtuko ukishuka mambo hurudi yenyewe, usikibane katikati ya mistari ya jana. Fungua ukurasa mpya, andika tarehe na saa ya kukumbuka, kisha andika ulichokumbuka. Dereva wetu wa Lugoba ana ukurasa kama huo. Unasema: "Saa 5:40 usiku, 23:40. Nimekumbuka nilipiga honi. Sikumbuki kama ni kabla ya breki au pamoja nayo."